Jina Lako Litajulikana na Nani?

Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi hupimwa mizani Vigwaza, hupanda Iringa hadi Mbeya, hupimwa tena Mpemba, huvuka Tunduma kuingia Nakonde, hukatisha Zambia, kisha huingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Njiani dereva hukutana na maofisa wa nchi tatu: wa mizani, wa usalama barabarani, wa forodha, wa uhamiaji, wa afya. Pamoja na pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na nyaraka za mzigo, siku hizi madereva wengi hubeba pia kijitabu chembamba chenye nembo ya kampuni: kanuni za maadili na sera ya kutoa taarifa za rushwa. Kwa kawaida kimeandikwa kwa Kiingereza na mawakili wa makao makuu, kisha kikatafsiriwa kwa lugha ambazo wafanyakazi wanazisoma.

Sera ya aina hii ina kazi mbili. Inakataza, kisha inaahidi. Inakataza kutoa na kupokea rushwa, kuficha mgongano wa maslahi, kughushi stakabadhi za safari. Inaahidi kwamba mfanyakazi atakayeona uovu akausema atasikilizwa na hatadhurika. Tafsiri ikikosewa upande wa makatazo, dereva hufikishwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa ambalo hakujua ni kosa. Ikikosewa upande wa ahadi, mtu husema aliyoyaona akiamini amelindwa, kumbe hajalindwa vile alivyodhani. Nimekuwa nikitafsiri na kuhariri sera za namna hii, na upande huu wa pili ndio unaonitia hofu zaidi.

Makatazo yana mitego yake, ila inaonekana mapema. Kiingereza cha mawakili hutumia kitenzi kilekile kwa ruhusa na kwa uwezekano, na kikikanushwa kinageuka kuwa marufuku. Mtafsiri mwenye haraka huandika, "Wafanyakazi wanaweza wasipokee zawadi kutoka kwa wazabuni." Sentensi hiyo inampa mtu hiari: ukitaka pokea, usipotaka acha. Kilichokusudiwa ni kwamba mfanyakazi haruhusiwi kupokea. Neno "unapaswa" nalo ni la kuangaliwa, kwa sababu wapo wanaolisoma kama amri na wapo wanaolisoma kama ushauri. Mimi huamua kabla sijaanza kwamba nitatumia maneno matatu tu, "ni lazima", "inashauriwa" na "unaruhusiwa", kila moja kwa ngazi yake, na siyabadilishi mpaka ukurasa wa mwisho hata kama insha inachosha sikio.

Kifungu kigumu zaidi kwa dereva ni kile cha malipo madogo madogo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1977 inayokataza kuhonga maofisa wa nchi za nje iliacha mlango wazi kwa vijisenti vya kuharakisha kazi ya kawaida ya ofisi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika Julai 2011, haikuacha mlango huo, na inaigusa kampuni yenye biashara Uingereza hata kama hongo imetolewa Tunduma. Kwa hiyo kampuni nyingi za kimataifa zimeamua kuyakataza malipo hayo kila mahali, na zimeyatengea kifungu chake.

Jina lake la Kiingereza likigeuzwa neno kwa neno, linatoka "malipo ya uwezeshaji". Sasa fikiria linavyosikika. Katika ofisi zetu uwezeshaji ni jambo jema: semina ina mwezeshaji, halmashauri ina mfuko wa kuwawezesha vijana na wanawake. Msomaji atadhani kampuni inazungumzia posho, tena atashangaa kwa nini posho imekatazwa. Afadhali tafsiri iseme jambo lenyewe: ni fedha au kitu anachopewa ofisa nje ya ada rasmi ili afanye, au aharakishe, kazi ambayo tayari ni wajibu wake. Kisha iyataje majina yake ya barabarani, chai, soda, kitu kidogo, mlungula, na upande wa Kongo matabishi, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba alichotoa hakikuwa kile kilichokatazwa.

Hapo dereva bado ana maswali mawili, na sera nzuri huyajibu. La kwanza ni ada ya haraka ambayo ni halali. Zipo huduma za serikali ambazo ukilipa zaidi unahudumiwa mapema, na hiyo si rushwa. Tofauti yake ni kwamba kiwango kimetangazwa, fedha zinakwenda kwa serikali, na unapata stakabadhi. Kwa Tanzania njia rahisi ya kumweleza dereva ni kumwambia adai kontroo namba. Ofisa asiyeweza kuitoa anadai fedha yake mwenyewe. Swali la pili ni bunduki. Dereva akisimamishwa usiku na watu wenye silaha wakidai fedha, karibu sera zote zinamruhusu alipe ili aokoe maisha yake, kisha atoe taarifa mara tu akiwa salama. Kwenye Kiingereza ruhusa hii mara nyingi imefichwa ndani ya sentensi ndefu ya mistari mitano. Kwenye Kiswahili huwa naiomba kampuni iniruhusu niitenge, isimame peke yake, kwa sababu ndiyo sentensi ambayo mtu ataitafuta akiwa na hofu.

Niseme pia jambo la nchi na nchi, maana kampuni hupenda tafsiri moja itakayotosha kila mahali. Mkenya akisema ufisadi anaweza kumaanisha kuanzia elfu moja aliyochukua askari hadi mabilioni yaliyoibwa wizarani. Kwa Mtanzania, hasa tangu kashfa kubwa za mwaka 2007 na 2008, ufisadi ni wizi wa wakubwa. Cha mizani ni rushwa. Ukiandika ufisadi peke yake, karani wa Mbeya ataona kijitabu hakimhusu. Ukianza na "rushwa (hongo)" na kulieleza neno mara moja, utaeleweka Mombasa na Mbeya. Takrima nayo, ambayo watafsiri huiweka kwenye kifungu cha kuwakirimu wateja, Tanzania ina historia: marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliiruhusu kwa wagombea, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavitengua vifungu hivyo kwamba vinakwenda kinyume na Katiba. Msomaji anayekumbuka hayo hataelewa kwa nini kampuni yake inaruhusu takrima yenye kikomo. Chakula na vinywaji vya kumkarimu mteja vinaweza kutajwa hivyo hivyo, bila kutafuta neno zito. Na kwa Uganda usidhani kila mfanyakazi atakisoma Kiswahili kwa moyo mweupe. Huko kwa miaka mingi kimekuwa lugha ya jeshi na polisi, na karatasi inayomwalika mtu kutoa siri zake ikiwa katika lugha hiyo inaweza kumtisha. Madereva wataisoma; karani wa Kampala aulizwe anataka lugha gani.

Sasa nije kwenye ahadi. Kiingereza cha sera hizi kina maneno mawili yanayofanana kwa mbali. La kwanza lina maana kwamba umetaja jina lako, na walioaminiwa kulijua hawatalisambaza. La pili lina maana kwamba hukutaja jina kabisa, na hakuna anayelijua. Ulinzi wa kwanza unategemea uaminifu wa watu. Wa pili unategemea kutokujulikana. Tofauti yake ni kubwa mno, na kwa Kiswahili yote mawili huangukia kwenye neno moja: siri. Nimeona tafsiri inayosomeka, "Taarifa zote zitashughulikiwa kwa siri. Mfanyakazi anaweza pia kutoa taarifa kwa siri." Kisarufi haina kasoro. Lakini msomaji hawezi kujua kama kuna njia mbili au moja, wala ipi ni ipi.

Tuchukue mfano. Fundi wa gereji ya kampuni iliyoko Tunduma anajua kwamba msimamizi wake anauza matairi mapya na kuandika kwamba yamefungwa kwenye magari. Anasoma kwamba taarifa ni siri. Anapiga simu, anajitambulisha, anaeleza kila kitu. Kwa mujibu wa Kiingereza, jina lake sasa halali linajulikana na mpokea simu, mchunguzi, wakili wa kampuni na mkuu wa rasilimali watu wa kanda. Kampuni haijavunja ahadi yoyote. Lakini fundi alielewa kwamba hakuna atakayemjua, na siku mkuu wa kanda atakapofika gereji na kumwita pembeni mbele za wenzake kumuuliza swali la ziada, kwake yeye ahadi imevunjwa, na wenzake wote watakuwa wamejifunza kwamba ile simu si ya kuaminiwa.

Tafsiri inayomfaa fundi huyo ingekuwa karibu hivi: "Una njia mbili. Ya kwanza, taja jina lako. Litajulikana na wanaochunguza jambo hilo tu. Bosi wako na unayemtaja hawataambiwa. Mahakama au chombo cha serikali kikilidai kisheria, huenda tukalazimika kulitoa. Ya pili, usitaje jina. Hapo hata sisi hatutakujua. Utapewa namba ya taarifa na neno la kufungulia, uvitumie kurudi kusoma maswali yetu. Lakini angalia: ukieleza jambo ambalo ni wewe tu ungeweza kuliona, wanaolisoma wanaweza kukutambua." Sentensi ya mwisho ni muhimu pale gereji inapokuwa na mafundi wawili tu wa zamu ya usiku.

Angalia kwamba maneno haya ni mengi kuliko ya asili, na mengine hayamo kabisa kwenye asili. Mtafsiri hana mamlaka ya kuongeza ahadi. Kazi yake ni kuwarudia wenye sera na kuwauliza: nani hasa atalijua jina? Bosi wa karibu ataambiwa? Mtu asiyetaja jina atafuatiliwaje? Mara nyingi utagundua kwamba hata makao makuu hawakuwahi kulijibu swali hilo, kwa sababu Kiingereza chao kiliwaruhusu kulipita kwa maneno kama "kwa kadiri iwezekanavyo". Hapo tafsiri inakuwa imeibua shimo lililokuwepo tangu mwanzo.

Sheria za nchi nazo zinaingia hapa. Kenya, kwa Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, mtu mwenye madaraka katika kampuni binafsi au ofisi ya umma akipata habari au kushuku kwamba kumetolewa hongo, anatakiwa kuiarifu Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24. Kwa hiyo dereva wa Nairobi anayemnong'oneza msimamizi wake jambo hilo hawezi kuahidiwa kwamba litabaki ndani ya kampuni. Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na mtu anaweza kwenda TAKUKURU moja kwa moja kwa simu namba 113. Uganda, sheria yake ya mwaka 2010 inampa mtoa taarifa asilimia 5 ya fedha zitakazorudishwa kutokana na taarifa yake. Sera moja haiwezi kuyabeba yote haya katika mwili wake. Njia inayofaa ni kuweka ukurasa mmoja wa kila nchi mwishoni, ulioandikwa na mwanasheria wa nchi hiyo, tena ikiwezekana uandikwe kwa lugha ya wasomaji tangu mwanzo badala ya kutafsiriwa.

Ahadi ina masharti yake, na sharti linalowachanganya watu zaidi ni "nia njema". Katika sera nyingi, mtoa taarifa analindwa iwapo ametoa taarifa kwa nia njema, wakimaanisha kwamba aliamini kweli anachosema na alikuwa na sababu ya kuamini. Kwa Kiswahili nia njema ni moyo safi. Fundi aliyegombana na msimamizi wake mwezi uliopita anajipima na kuona nia yake si njema sana: anataka yule bwana aondoke. Kwa hiyo ananyamaza, na matairi yanaendelea kuuzwa. Uingereza yenyewe iliondoa sharti hilo mwaka 2013 lisiwe kigezo cha kupata ulinzi, na mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2019 unatazama kama mtu alikuwa na sababu za msingi za kuamini, bila kuchunguza kilichomsukuma. Tafsiri iseme hivyo: "Huhitaji kuwa na ushahidi kamili. Inatosha uwe na sababu ya kuamini kwamba unachosema ni kweli."

Dada yake sentensi hiyo ni ile ya onyo. Kiingereza husema ataadhibiwa anayetoa taarifa ambayo anajua si ya kweli. Neno linalobeba kujua huko ni dogo, na hudondoka njiani kirahisi. Kinachobaki ni "Atakayetoa taarifa za uongo atachukuliwa hatua." Fundi aliyehesabu matairi kumi yaliyopotea, uchunguzi ukakuta ni sita, atajiuliza kama naye amesema uongo. Onyo hili likiachwa hivyo, linafuta kurasa zote za ahadi zilizotangulia. Liwe: "Atakayesema jambo akijua fika kwamba si kweli atachukuliwa hatua. Aliyekosea kwa kutojua hataadhibiwa."

Halafu kuna madhara yanayomfuata aliyesema. Sera nyingi za Kiswahili zinakataza "kulipiza kisasi". Kisasi kina mkosaji wa kwanza. Ukisema msimamizi amelipiza kisasi, umeshakiri kwamba fundi ndiye aliyemkosea. Tena ni neno la mapanga na damu, wakati yanayotokea kazini ni ya kimyakimya. Dereva wa malori hupata kipato kikubwa kutokana na safari. Hakuna haja ya kumfukuza; mweke benchi wiki tatu, au mpe lori bovu linalolala gereji, atajua kilichompata. Sheria ya Kenya niliyoitaja inataja matendo kwa majina: kumshusha mtu cheo, kumkaripia, kumfukuza, kumhamishia mahali pabaya, kumsumbua, kumtisha. Nadhani mtafsiri afuate njia hiyo: "Hairuhusiwi kumdhuru au kumnyima haki mtu yeyote kwa sababu ametoa taarifa. Kumdhuru ni pamoja na kumnyima safari, kumpangia gari bovu, kumhamisha bila sababu, kumtenga..." na orodha iendelee kwa mifano ambayo wafanyakazi wenyewe wanaitoa.

Kampuni zinazojali hukagua tafsiri kwa kumpa mtu wa pili airudishe kwa Kiingereza bila kuona asili, kisha wanalinganisha. Njia hii inanasa tarakimu zilizokosewa na sentensi zilizorukwa, na itainasa ile ya "wanaweza wasipokee". Lakini makosa makubwa niliyoyaeleza inayapitisha. "Siri" itarudi ikiwa neno zuri la Kiingereza. "Nia njema" itarudi ikiwa ileile ya mawakili. "Kisasi" kadhalika. Makao makuu wataweka tiki, kila mtu ataridhika, na fundi wa Tunduma atabaki na maana yake tofauti.

Kinachonasa makosa haya ni kukaa na watu wanane au kumi watakaoisoma sera: madereva, utingo, mafundi, makarani wa forodha, wa kutoka nchi mbalimbali, bila wasimamizi wao chumbani. Usiwaulize kama wameelewa, maana mtu mzima hatakwambia kwamba hakuelewa. Wape tukio. Ukipiga simu hii leo ukataja jina, taja watu watakaolijua. Umesikia tu kwamba matairi yanauzwa, hujaona, unaruhusiwa kusema? Bosi amekunyima safari mbili baada ya kutoa taarifa, sera inasemaje? Ofisa wa mizani anakwambia, "Dereva, niachie ya soda uondoke". Utafanya nini, na utamwarifu nani? Wakitofautiana katika majibu, kosa liko kwenye karatasi. Andika upya kifungu hicho, kipeleke kwa wanasheria, kisha ukisome na kundi jingine.

Kuna sentensi moja ambayo huwa naipinga kila ninapoikuta, ile ya mwisho inayosema kwamba tafsiri zikitofautiana, Kiingereza ndicho kitakachofuatwa. Naelewa kwa nini kampuni ya nchi sita inataka andiko moja la mwisho. Lakini kumwadhibu mtu kwa andiko asiloweza kulisoma ni dhuluma, na huenda hata sheria isikubali. Kanuni za Tanzania za mwaka 2007 kuhusu utendaji bora katika ajira zinataka, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, iangaliwe kama aliijua kanuni anayodaiwa kuivunja, au ingetarajiwa aijue. Aliyepewa Kiswahili kinachosema anaweza asipokee ana hoja ya kujitetea. Kampuni inaweza kuandika kwamba Kiingereza ndicho kitakachotumika kurekebisha tafsiri, na kwamba mfanyakazi aliyefuata tafsiri aliyopewa hatahukumiwa kwa makosa ya mtafsiri.

Mwisho kuna yale yanayobaki bila kutafsiriwa baada ya kijitabu kuchapwa: sauti ya kurekodiwa inayompokea mpiga simu, fomu ya mtandaoni yenye visanduku vya kuchagua aina ya kosa, ujumbe wa kuthibitisha kwamba taarifa imepokelewa, na maswali ya mchunguzi. Fundi akikaribishwa kwa Kiingereza saa nane za usiku anakata simu. Akijaza fomu kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiingereza, ataitafuta tafsiri kwa mtu wa karibu, na mtu wa karibu pale gereji anaweza kuwa ndiye msimamizi. Kwa hiyo ninapoulizwa bei ya kutafsiri sera, kwanza huomba namba ya ile simu, naipiga, na kusikiliza nani anapokea na kwa lugha gani.